Tanbihi Zilizopotea Njiani: Kitabu cha Foucault kutoka Kifaransa hadi Kiingereza, 1961-2006

Mwaka 1961 shirika la Plon la Paris lilichapisha kitabu kinene cha Michel Foucault kiitwacho Folie et déraison. Histoire de la folie à l'âge classique. Kitabu hicho kilitokana na tasnifu ya udaktari iliyotetewa mwaka huo huo katika Sorbonne, na kwa hiyo kilibeba chini ya kurasa zake shehena kubwa ya tanbihi. Sehemu kubwa ya utafiti wake ilifanywa Uppsala, nchini Sweden, ambako maktaba ya chuo kikuu, Carolina Rediviva, ilikuwa imepokea mkusanyo wa vitabu vya kale vya tiba uliokuwa wa daktari Erik Waller. Ni katika tanbihi hizo ndimo msomaji angeweza kuona mwandishi alisoma nini, katika toleo gani, na kwa lugha ipi.

Mwaka 1964 kilitolewa Paris toleo fupi la bei nafuu, na tanbihi karibu zote ziliondolewa. Mwaka uliofuata Richard Howard alikifasiri kwa Kiingereza kwa jina Madness and Civilization. Hakukitumia kitabu cha 1961 kuwa msingi wake, bali lile toleo fupi, pamoja na nyongeza chache kutoka katika kitabu kizima. Hivyo wasomi wa Kiingereza walipokea chini ya nusu ya kitabu na tanbihi chache tu, na hali hiyo ilidumu hadi mwaka 2006. Makala haya yanakusudia kuonyesha ni mambo gani hasa hupotea tanbihi, dondoo na majina ya vitabu yanapovuka kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza, na mfasiri afanyeje ili yasipotee.

Umbo la tanbihi ya Kifaransa

Katika vitabu vingi vya Kifaransa vya wakati huo hesabu ya tanbihi huanza upya kila ukurasa. Tanbihi ya kwanza ya ukurasa wa 40 ni namba 1, na ya kwanza ya ukurasa wa 41 ni namba 1 vilevile. Rejea yenyewe ni fupi: jina la mwandishi, jina la kitabu kwa herufi za mlazo, mji, mwaka na ukurasa. Mara nyingi mchapishaji hatajwi kabisa. Juzuu huonyeshwa kwa herufi t., na kitabu kilichokwisha kutajwa hurejewa kwa op. cit., au kwa ibid. kikiwa ndicho cha tanbihi iliyotangulia.

Mchapishaji wa Kiingereza kwa kawaida hutaka tanbihi zihesabiwe mfululizo katika kila sura, tena huenda akazipeleka zote mwisho wa kitabu. Badiliko hili huonekana kuwa la kimitambo tu, kumbe lina hatari yake. Tuseme tanbihi ya 12 inamtaja mwandishi fulani, na ya 13 inasema ibid. Mfasiri akiingiza kati yao tanbihi yake mwenyewe kumweleza msomaji jambo la Ufaransa, ile ibid. sasa inaelekeza kwa mfasiri na si kwa mwandishi. Hakuna kosa linaloonekana kwa macho; namba zinafuatana vizuri, lakini ushahidi umehamishwa. Kadhalika op. cit. hupoteza maana pale kitabu kinapofupishwa, kwani tanbihi iliyokitaja kitabu hicho kwa mara ya kwanza huenda ilikuwa katika sura iliyokatwa. Dawa yake ni kufanya kazi kwa mpango huu: kabla ya kuhesabu upya, kila ibid. na kila op. cit. ibadilishwe kuwa jina la mwandishi pamoja na jina fupi la kitabu. Kisha ndipo namba zipangwe.

Majina ya miji nayo hutaka uangalifu. Mfaransa huandika Londres, na katika Kiingereza hapana budi iwe London. Lakini katika karne ya 18 vitabu vingi vilivyochapwa Ufaransa kwa siri vilitiwa jina la London au Amsterdam ili kuukwepa ukaguzi wa serikali. Mfasiri hulibadili neno, lakini asidhani kwamba kwa kuwa mji uliotajwa ni London basi kitabu ni cha Kiingereza na kina asili ya Kiingereza ya kutafutwa.

Dondoo: kurudi kwenye chemchemi

Tatizo zito zaidi ni la dondoo. Katika sehemu za mwisho za kitabu chake Foucault anajadili makazi ya wagonjwa wa akili yaliyofunguliwa karibu na York mwaka 1796 na Waquaker, wakiongozwa na William Tuke. Chanzo chake kikuu ni kitabu cha mjukuu wake, Samuel Tuke, Description of the Retreat, kilichochapishwa York mwaka 1813. Humo kuna habari ya kijana mmoja mwenye nguvu za ajabu aliyeletwa akiwa katika minyororo, akafunguliwa, akala chakula cha jioni pamoja na msimamizi wa nyumba, akaambiwa kwamba hatatiwa pingu tena iwapo atajizuia mwenyewe. Foucault anaisimulia habari hiyo kwa Kifaransa, na kwa Kifaransa ndivyo inavyomfikia mfasiri.

Mfasiri akiyageuza maneno hayo kwa Kiingereza moja kwa moja, atatoa Kiingereza ambacho Tuke hakukiandika, kisha atakifunga katika alama za dondoo na kukitia jina la Tuke. Msomaji atakayekwenda maktabani hatayapata maneno hayo katika ukurasa wowote. Tanbihi yenyewe ndiyo inayotoa onyo: jina la kitabu ni la Kiingereza, mji ni York, na hakuna mfasiri aliyetajwa. Hapo inajulikana kwamba yamkini mwandishi mwenyewe ndiye aliyefasiri, na kwamba wajibu ni kulitafuta toleo la 1813, kuyanakili maneno ya Tuke, na kuuhakiki ukurasa. Ikiwa maneno ya asili yanatofautiana na Kifaransa kwa namna inayoigusa hoja, tofauti hiyo isifichwe. Dondoo ibaki ya Tuke, na tanbihi ya mfasiri, ndani ya mabano ya mraba, ieleze Foucault alilielewaje neno hilo.

Mambo si mepesi hivyo siku zote. Thomas Sydenham alikuwa daktari Mwingereza, na mtu angetazamia kwamba maneno yake yarudishwe katika Kiingereza chake. Lakini waraka wake mashuhuri wa mwaka 1682, unaojadili histeria, ulichapishwa kwa Kilatini. Foucault aliusoma katika tafsiri ya Kifaransa ya karne ya 18, ile ya Jault. Kwa hiyo lugha tatu zimekutana katika sentensi moja. Tafsiri za kale za Kiingereza zipo, mojawapo ikiwa ya John Swan ya mwaka 1742, na ni jambo la busara kuanza nazo. Hata hivyo, pale hoja ya Foucault inapokaa juu ya neno alilolichagua Jault, tafsiri ya Swan haitalibeba. Mfasiri basi afuate Kifaransa, akiri katika tanbihi kwamba anafasiri kutoka kwa Jault, na aonyeshe mahali pa kupata Kiingereza cha Swan. Asichanganye maneno ya mmoja na namba ya ukurasa wa mwingine; kosa hilo ni la kawaida, na hugunduliwa tu na yule anayefungua vitabu vyote viwili.

Majina ya vitabu

Jina la kitabu cha Foucault lenyewe ni somo. Kwa Mfaransa, âge classique ni enzi ya Racine na Molière, na katika kitabu hiki inaendelea hadi mwisho wa karne ya 18. Kwa Mwingereza, neno hilo hilo likihamishwa herufi kwa herufi humpeleka Ugiriki na Roma ya kale. Ndiyo maana jina dogo la tafsiri ya 1965 likawa A History of Insanity in the Age of Reason. Tafsiri kamili ya 2006 iliepuka shida hiyo kwa kuitwa History of Madness tu. Mfano mwingine uko karibu zaidi na wanahistoria wa Afrika. Kitabu cha Jan Vansina cha 1961, De la tradition orale. Essai de méthode historique, kilipotoka kwa Kiingereza mwaka 1965, ile essai, ambayo ni jaribio, ikageuka kuwa A Study, yaani uchunguzi, na méthode ikawa Methodology. Jaribio la unyenyekevu likavaa joho la elimu iliyokamilika.

Kwa sababu hiyo jina la Kifaransa halina budi kubaki katika orodha ya marejeo, likiandikwa kwa desturi ya Kifaransa, bila kutiwa herufi kubwa katika kila neno kama wafanyavyo Waingereza. Iwapo ipo tafsiri iliyochapishwa, itajwe baada yake pamoja na mwaka wake. Kama haipo, maana ya jina itolewe katika mabano ya mraba bila mlazo, ili msomaji asiende kukitafuta kitabu kisichokuwapo. Tena matoleo yatenganishwe. Shirika la Gallimard lilipokichapisha kitabu cha Foucault upya mwaka 1972, lile jina Folie et déraison liliondoka, na dibaji ya 1961 ikaondolewa, nyingine fupi ikashika mahali pake. Anayedondoa dibaji ya kwanza huku akitaja toleo la 1972 anamtuma msomaji mahali pasipo na kitu.

Gharama ya upungufu

Haya yote yangekuwa mambo ya karani tu lau yasingaliathiri mabishano ya wasomi. Katika sura ya kwanza Foucault alisema kwamba maisha ya wendawazimu wa zamani yalikuwa kwa urahisi maisha ya kutangatanga. Neno facilement linaeleza kutangatanga huko: ilikuwa rahisi wao kujikuta njiani. Katika Kiingereza cha 1965 urahisi ulihamia kwenye maisha yenyewe, yakawa maisha mepesi ya kutangatanga. Kutokana na hilo Foucault alishutumiwa kwamba aliyapamba mateso ya watu wale. Colin Gordon alilionyesha kosa hilo mwaka 1990, katika makala yaliyodai kwamba kitabu hiki kilikuwa bado hakijajulikana kwa wasomaji wa Kiingereza.

Lakini haifai kudhani kwamba kila lawama ilitokana na tafsiri. Mwaka 1980 Erik Midelfort aliihoji habari ya merikebu ya wendawazimu kwa kuurudia ushahidi wenyewe. Na tafsiri kamili ya Jonathan Murphy na Jean Khalfa ilipotoka mwaka 2006 na tanbihi zake zote, Andrew Scull aliandika mwaka 2007 katika The Times Literary Supplement kwamba tanbihi hizo ndizo zilizofichua jinsi mwandishi alivyotegemea vitabu vilivyopitwa na wakati. Watetezi wa Foucault, Gordon akiwa mmojawapo, walimjibu. Kwa muda wa miaka 41 hoja hiyo haikuweza kupimwa na msomaji wa Kiingereza pekee, kwa upande wowote ule. Tanbihi hazikumtetea Foucault wala hazikumhukumu. Zilimpa kila msomaji jina la kitabu, toleo na ukurasa, akaweza kwenda kujionea mwenyewe.