Hisa stahiki na kuzimuka kwa umiliki

Kampuni iliyokwisha kuorodheshwa sokoni ikihitaji mtaji mpya, inaweza kuwauzia kwanza wanahisa wake wa zamani, kila mmoja kwa kadiri ya hisa alizonazo. Toleo hilo ndilo nitakaloliita hapa hisa stahiki, kwa kuwa mwanahisa anastahiki kununua, halazimishwi.

Benki ya CRDB ilifanya hivyo mwaka 2015: hisa mpya moja kwa kila tano, kwa shilingi 350. Tuchukue mfugaji wa Oloipiri mwenye hisa 5,000. Alistahiki 1,000, yaani alipe shilingi 350,000. Akilipa, fungu lake katika benki linabaki lilelile. Asipolipa na wenzake wote wakalipa, kila hisa tano zimekuwa sita, naye bado ana zake 5,000. Umiliki wake umepungua kwa sehemu moja ya sita, bila mtu kumnyang'anya hisa hata moja.

Huku ndiko kuzimuka. Neno linatokana na kuzimua, kama kuongeza maji katika maziwa, lakini hapa tuwe waangalifu: fedha mpya si maji matupu, kwani nazo zinaingia katika kampuni. Hasara ya thamani inatokana na bei. Tuseme, kwa mfano tu, sokoni hisa ilikuwa shilingi 400. Hisa tano ni shilingi 2,000. Ongeza 350 za hisa mpya, upate 2,350 kwa hisa sita. Kila moja sasa ina thamani ya karibu shilingi 392. Mfugaji wetu aliyekaa kimya amepoteza shilingi nane na kitu kwa kila hisa, jumla karibu 41,700. Punguzo walilolipata walionunua limetoka, kwa sehemu, kwake. Kama hisa mpya zingeuzwa kwa 400, asilimia yake ingepungua vilevile, ila mfuko wake usingeguswa.

Kadiri toleo linavyokuwa kubwa, ndivyo kimya kinavyogharimu. Mwaka 2012 Kenya Airways ilitoa hisa 16 kwa kila tano, kwa shilingi 14 za Kenya. Ni takribani asilimia 70 tu zilizonunuliwa, lakini hata hivyo aliyejitenga alibaki na kiasi cha asilimia 31 ya fungu lake la awali.

Pale waraka wa toleo unaporuhusu, anayekosa fedha anaweza kumwuzia mwingine haki hiyo, akarudisha sehemu kubwa ya alichokuwa akipoteza. Hapo ndipo wengi wa vijijini huumia: barua inakwenda kwenye sanduku la posta lililoandikwa miaka mingi iliyopita, na muda wa toleo unakwisha kabla haijasomwa. Mwenye hisa na ahakikishe leo kwa dalali wake kwamba anwani na namba ya simu kwenye daftari la wanahisa ni za sasa, kisha akipata waraka aangalie mambo matatu: uwiano, bei, na siku ya mwisho.