Mtafute Sutherland kwenye faharasa
Mdogo wangu yuko mwaka wa pili wa diploma ya uuguzi. Siku ya kuvishwa kofia walizimiwa taa ukumbini, kila mmoja akashika mshumaa, wakala kiapo kwa sauti moja huku akina mama wakifuta machozi. Nilikuwa nimekaa safu ya nyuma. Usiku ule alinipigia simu.

"Dada, hivi kile kiapo aliandika Florence Nightingale mwenyewe?"

Hapana. Kiliandikwa mwaka 1893, mjini Detroit, Marekani, na kamati iliyoongozwa na Lystra Gretter, mkuu wa chuo kimoja cha wauguzi. Kamati ilitazama kiapo cha Hippocrates cha madaktari, ikatunga kinachofanana nacho, kisha ikakipa jina la Nightingale kwa heshima. Nightingale alikuwa bado hai wakati huo, lakini maneno si yake.

Akanyamaza kidogo, kisha akaniomba kitabu. Alitaka historia yenyewe, kwa sababu wiki ile mwalimu wa wodini alikuwa amemwambia kwamba nesi mzuri hana maswali, ana moyo. Naye alikuwa na maswali. Katika wodi aliyopangiwa, wagonjwa wawili walioingia na vidonda vidogo walikuwa wameondoka na vidonda vikubwa, na hakujua amuulize nani.

Nikamwambia aanze na Notes on Nursing ya Nightingale mwenyewe. Ni kitabu chembamba, kilichotoka mwishoni mwa mwaka 1859, na hakikuandikwa kwa ajili ya wauguzi. Kilikusudiwa mwanamke yeyote mwenye mgonjwa nyumbani, na Nightingale anasema hivyo mwanzoni kabisa. Sura ya kwanza inahusu hewa na joto la chumba. Kuna sura nzima juu ya kelele, nyingine juu ya kumtazama mgonjwa na kueleza kwa usahihi ulichokiona. Lakini nilimwonya pia: huyu mama aliamini kwamba maradhi hutokana na hewa chafu, na wazo la ugonjwa kuambukizwa kutoka mtu hadi mtu alilitilia shaka. Kwa hiyo utakuta ushauri sahihi umesimama juu ya sababu isiyo sahihi. Fungua dirisha, ndiyo, ila si kwa sababu anayoitaja.

Baada ya hapo ndipo asome wasifu wake, na hapa ndipo wengi hupotea. Vipo vingi, na vingi ni hadithi ya taa. Nilimpa kipimo kimoja cha kuvitenganisha: kabla ya kusoma ukurasa wa kwanza, nenda kwenye faharasa, utafute jina Sutherland.

Kisa chenyewe ni hiki. Nightingale alifika Skutari, ng'ambo ya Istanbul, mwezi Novemba 1854 akiwa na wauguzi 38. Waingereza walikuwa vitani Krimea, na majeruhi na wagonjwa walivushwa bahari kwa meli hadi kwenye kambi kubwa ya Waturuki iliyogeuzwa hospitali. Alikuta uchafu, njaa na upungufu wa kila kitu. Akatafuta mashuka, akafungua jiko la chakula cha wagonjwa, akaweka watu wa kufua na kusugua sakafu. Usiku alipita na taa yake. Yote hayo ni kweli.

Vitabu vya taa husema kwamba vifo vikapungua. Sasa weka tarehe kando ya hadithi. Novemba anafika. Desemba vifo vinapanda, Januari vinapanda tena. Februari 1855, baada ya miezi mitatu ya kazi yake, vinafikia kilele: takriban watu 42 kwa kila wagonjwa 100, na walio wengi wanakufa kwa kuhara, kipindupindu na homa, si kwa risasi. Mwezi Machi inafika tume ya usafi kutoka London, ndani yake akiwamo daktari John Sutherland na mhandisi Robert Rawlinson. Hawa wanachimba. Wanagundua kwamba jengo lile limekalia mifereji ya maji machafu iliyoziba, na kwamba harufu yake inarudi ndani ya wodi. Wanaizibua na kuisafisha kwa maji, wanaondoa mizoga, wanapaka kuta chokaa, wanapunguza msongamano. Kufikia Juni vifo vimeshuka hadi karibu 2 kwa kila 100.

Kitabu kinachokuambia alishusha vifo kutoka 42 hadi 2 kwa mashuka na huruma kimeruka mwezi Machi. Ndiyo maana ya Sutherland kwenye faharasa.

Hugh Small, katika kitabu chake Avenging Angel cha mwaka 1998, alikwenda mbali zaidi. Anasema wakati wa vita Nightingale mwenyewe aliamini kwamba askari wanauawa na njaa na uchovu wa kule mstari wa mbele, kwamba wanamfikia wakiwa wamekwisha. Ni mwaka 1857, akiwa London na mtakwimu William Farr, alipopanga hesabu za hospitali zote na kuona kwamba Skutari, hospitali yake, ilikuwa mbaya kuliko zote. Baada ya hapo aliugua na kujifungia. Na ripoti aliyoichapisha mwaka 1858, pamoja na ule mchoro wa duara wenye vipande vya rangi, inaonyesha kilele kile kwa wino bila kukificha.

Small hana neno la mwisho. Lynn McDonald, aliyehariri maandishi yote ya Nightingale, anampinga vikali. Na hata bila ugomvi wao, majira ya baridi nayo yaliisha Machi, na meli zilileta wagonjwa wachache zaidi, hivyo si kila uhai uliookolewa ni wa mifereji. Nilimwambia mdogo wangu awasome wote wawili na asiharakishe kuchagua upande.

Kitabu cha tatu kinatuhusu kwa karibu zaidi: A Colonial Lexicon cha Nancy Rose Hunt, cha mwaka 1999, kuhusu misheni ya Yakusu, karibu na Kisangani, Kongo. Ni kigumu, lugha yake ni ya chuo kikuu, na nilimruhusu aruke utangulizi. Kuna sura juu ya manesi na baiskeli. Manesi wenyewe ni wanaume, vijana waliofundishwa na madaktari wa misheni, wanaosambazwa vijijini kuendesha zahanati na kupambana na malale. Ile picha ya binti mwenye kofia nyeupe na mshumaa haikuwa mwanzo wa uuguzi sehemu ile ya dunia. Mwanzo wake ulikuwa kijana mwenye sindano, kaptura na baiskeli, aliyeogopwa na kuheshimiwa kwa pamoja.

Wiki tatu baadaye alinitumia picha ya ukurasa wa daftari lake. Alikuwa amechora mistari kwa rula: tarehe, idadi ya vitanda, wagonjwa waliolala chini, vidonda vilivyotunga usaha baada ya kulazwa, na safu ya mwisho, bomba la wodi lina maji au halina. Safu ya mwisho ilikuwa na "halina" nyingi.

"Sijamwonyesha mtu," aliandika chini yake. "Halafu dada, kile cha baiskeli maktaba ya chuo hawana. Nitakipata wapi?"