Riba ya kila sekunde, na mahali namba e ilikotoka

Majuzi shemeji yangu alinipigia simu akiwa na wasiwasi. Alikuwa amechukua mkopo wa shilingi 10,000 kwa simu, na mwenzake kazini akamwambia riba yake inaongezwa kila siku, riba juu ya riba. "Shem, wewe ni mtu wa kompyuta," akaniuliza, "kama wanaongeza kila siku, na kesho wakiamua kuongeza kila saa, au kila sekunde, si deni litapanda bila mwisho?"

Nilicheka kidogo, kisha nikanyamaza. Swali hilo hilo, karibu kwa maneno hayo hayo, lilichapishwa mwaka 1690, na jibu lake ndilo lililotupatia mojawapo ya namba maarufu zaidi katika hisabati. Kwa hiyo leo tuache kidogo mambo ya seva na hifadhidata, twende Uswisi.

Aliyeuliza ni Jakob Bernoulli, profesa wa hisabati katika mji wa Basel. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa viungo na alitaka mwanawe asomee dini. Jakob alisomea dini kweli, lakini hisabati ikamshinda nguvu. Katika jarida la Kilatini lililoitwa Acta Eruditorum, lililochapishwa Leipzig, aliuliza hivi: tuseme mtu amekopesha fedha kwa masharti kwamba kila kitambo kidogo, sehemu ya riba ya mwaka inayolingana na kitambo hicho inaongezwa kwenye deni. Mwaka ukiisha atadai kiasi gani?

Tuchukue mfano rahisi kabisa. Umekopesha shilingi 1 kwa riba ya asilimia 100 kwa mwaka. Ukihesabu riba mara moja tu, mwisho wa mwaka una shilingi 2. Ukigawa mwaka mara mbili, kila nusu mwaka unaongeza asilimia 50: shilingi 1 inakuwa 1.50, halafu 1.50 inakuwa 2.25. Umepata senti 25 zaidi, kwa sababu zile senti 50 za kwanza nazo zilizaa. Ukigawa mwaka mara n, kila kipindi deni linazidishwa kwa (1 + 1/n), na unafanya hivyo mara n. Kwa hiyo jibu ni (1 + 1/n)^n. Wenye Python wanaweza kujionea:

```
for n in [1, 2, 4, 12, 365, 8760]:
    print(n, (1 + 1/n)**n)
```

Nikikata tarakimu za mwisho, napata 2 kwa mwaka, 2.25 kwa nusu mwaka, 2.441406 kwa robo, 2.613035 kwa mwezi, 2.714567 kwa siku, na 2.718127 kwa saa. Angalia vizuri. Kutoka mwaka hadi mwezi tumepata senti 61. Kutoka siku hadi saa, ingawa tumehesabu mara 24 zaidi, hatukupata hata nusu senti. Namba inapanda kila mara, lakini inapanda kwa kuchoka.

Sasa, kuona namba zikichoka kwenye skrini si uthibitisho. Labda zinapumzika tu, baadaye zianze tena. Bernoulli hakuwa na kompyuta, ila alikuwa na hoja. Nami napenda kuieleza kwa ukoo.

Shilingi yako ya mwanzo ni mzazi. Riba inayozaliwa moja kwa moja na mzazi tuiite mtoto. Riba inayozaliwa na mtoto ni mjukuu, ya mjukuu ni kitukuu, halafu kilembwe, na kuendelea. Mwisho wa mwaka unahesabu ukoo wote.

Mzazi ni shilingi 1, habadiliki. Watoto wote kwa pamoja ni shilingi 1 kamili, hata ugawe mwaka vipi, maana vipindi ni n na kila kipindi mzazi anazaa 1/n. Wajukuu ndio wanaotegemea mgawanyo. Mjukuu anahitaji vipindi viwili tofauti: kimoja cha kumzaa mtoto na kingine cha baadaye ambapo mtoto naye anazaa. Kwa robo nne za mwaka kuna jozi 6 za namna hiyo, na kila moja inaleta 1/16, jumla 0.375. Kwa n yoyote, jumla ya wajukuu ni nusu ya (1 - 1/n). Kadiri n inavyokua, jumla hii inakaribia nusu lakini haiifikii. Hata akili ya kawaida inakubali: watoto wanazaliwa mwaka mzima, wengine Januari, wengine Desemba, kwa hiyo kwa wastani kila mmoja ana nusu mwaka tu wa kuzaa.

Kwa hoja hiyo hiyo vitukuu havizidi 1/6, vilembwe havizidi 1/24, na kila kizazi kinagawanywa kwa namba inayofuata: 2, kisha 3, kisha 4, kisha 5. Ukigawa mwaka bila kikomo, ukoo wote unakaribia jumla hii:

```
1 + 1 + 1/2 + 1/6 + 1/24 + 1/120 + ...
```

Vipengele vitatu vya kwanza peke yake vinatoa 2.5, kwa hiyo jibu linazidi 2.5. Kwa upande wa juu, linganisha 1/2, 1/6, 1/24 na 1/2, 1/4, 1/8. Mstari wa pili ni mkubwa kuliko wa kwanza, na jumla yake haipiti 1, kama mtu anayekula nusu ya mkate, halafu nusu ya uliobaki, halafu nusu tena. Kwa hiyo jibu ni chini ya 1 + 1 + 1, yaani 3. Hivyo ndivyo Bernoulli alivyoandika: deni litazidi mara mbili na nusu, wala halitafika mara tatu. Hata mkopeshaji akiongeza riba kila sekunde, kuna dari.

Bernoulli hakuipa namba hiyo jina. Katika miaka hiyo hiyo Leibniz, alipomwandikia Huygens barua, aliiita b. Herufi tunayoitumia leo ilitoka kwa Leonhard Euler, naye mzaliwa wa Basel, aliyefundishwa na Johann, mdogo wake Jakob. Tunaiona e katika barua ya Euler kwa Goldbach ya mwaka 1731. Katika kitabu chake cha mwaka 1748 Euler aliunganisha yote: kikomo cha (1 + 1/n)^n, ule mfululizo wa ukoo, na logarithimu asilia. Vyote ni namba moja, 2.718281828 na kuendelea bila mwisho.

Hapa wale wenzangu wa programu watasema: basi tuweke n kubwa sana tupate e. Jaribuni. Mimi nilijaribu n ya 10^15 nikapata 3.035035. Hiyo imevuka hata dari ya Bernoulli! Nikaweka 10^16, nikapata 1.0, kana kwamba hakuna riba kabisa.

Hisabati haijakosea, ni kompyuta. Namba za desimali ndani ya mashine zinashika takriban tarakimu 16 tu. Karibu na 1, hatua ndogo kabisa kwenda juu ni kama 2.22 × 10^-16. Ukijumlisha 1 na 10^-15 unahitaji hatua nne na nusu hivi, lakini mashine haina nusu hatua, inakwenda kwenye ya tano. Riba yako imeongezeka kwa asilimia 11 kimyakimya, na ukiipandisha mara 10^15 kosa linakua nayo. Kwa 10^16 nyongeza ni ndogo kuliko nusu hatua, inatupwa yote. Ukiona jibu linazidi 3 au linarudi 1, jua tatizo ni hapo. Dawa ni kutumia ule mfululizo, ambao ukifika 1/10! tayari una 2.7182818, au kuandika hivi:

```
import math
math.exp(n * math.log1p(1/n))
```

Kazi ya log1p ni kuchukua ile nyongeza ndogo peke yake bila kuijumlisha kwanza na 1, kwa hiyo haipotei.

Turudi kwa shemeji. Mkopo wake ulikuwa wa asilimia 8 kwa mwezi, yaani 96 kwa mwaka ukizidisha tu kwa 12. Karibu sawa na mfano wa Bernoulli! Kwa riba isiyo asilimia 100 dari inakuwa e^r, hapa e^0.96. Kwa shilingi 10,000 zisizolipwa mwaka mzima, riba ikiongezwa mara moja deni ni 19,600. Ikiongezwa kila mwezi ni 25,182. Kila siku, 26,084. Kila kitambo kisicho na upana, 26,117. Tofauti ya siku na sekunde haifiki shilingi 34.

Nilipojaribu kuandika programu ya kuhesabu kwa sekunde, deni halikukua hata kidogo. Riba ya sekunde moja kwenye 10,000 ni kama senti 0.03, na mimi nilikuwa nakadiria kila hatua hadi senti kamili. Kila mara sifuri. Mkopeshaji mwenye programu kama yangu angekopesha bure!

Nikamwambia shemeji hivi. Dari hiyo ipo tu kama riba ya mwaka ni ile ile na wanaigawa vipande. Asilimia 8 kwa mwezi ikigeuzwa kuwa asilimia 8 kwa wiki, huko si kugawa, hiyo ni riba mpya. Na dari ni ya mwaka mmoja. Muda nao unakaa juu kwenye kipeo pamoja na riba: kwa hesabu ile ile ya kila mwezi, miaka miwili si 50,364, ni 63,412.

"Kwa hiyo shem," akasema, "sekunde si kitu. Miezi ndiyo inaniua."

Nikamwambia Bernoulli mwenyewe asingesema vizuri zaidi. Mwisho wa mwezi alilipa. Haya, tuonane siku nyingine.