Mtahiniwa wa KCSE asiye na darasa: Ratiba ya kila siku ya redio, gazeti na daftari

MTIHANI wa Kiswahili wa KCSE hutahiniwa katika karatasi tatu, na mtahiniwa wa kibinafsi anayeishi Runyenjes, Siakago au Maua huenda akazifikia zote bila kuketi mbele ya mwalimu hata siku moja. Amesajiliwa katika kituo cha mtihani, amelipa ada, kisha amerejea shambani au dukani kusubiri. Hali iyo hiyo iliwakumba hata wanafunzi wa kawaida mwaka 2020, shule zilipofungwa mwezi Machi kwa ajili ya ugonjwa wa Covid-19 na watahiniwa wa kidato cha nne wakakaa nyumbani hadi Oktoba.

Katika hali hiyo, taarifa za habari, podikasti (yaani vipindi vya sauti vinavyopakuliwa kwenye simu) na gazeti vinaweza kuchukua sehemu ya nafasi ya mwalimu. Lakini ni sehemu tu, na ni sharti mtahiniwa ajue ni ipi.

Karatasi ya kwanza, 102/1, ni ya insha. Mtahiniwa huandika insha mbili kwa muda wa saa 1 na dakika 45, ya kwanza ikiwa ya lazima, na kila moja ina alama 20. Karatasi ya pili, 102/2, ina alama 80: ufahamu alama 15, ufupisho 15, matumizi ya lugha 40 na isimujamii 10. Karatasi ya tatu ni ya fasihi. Redio na gazeti hufaa zaidi kwa insha, ufahamu, ufupisho na sehemu fulani ya matumizi ya lugha. Havimfundishi mtu kuchanganua sentensi kwa matawi, wala havimsomei riwaya ya Nguu za Jadi. Kazi hizo zinahitaji saa zake zenyewe.

Kikwazo cha kwanza katika Meru na Embu ni kwamba redio ya nyumbani kwa kawaida haizungumzi Kiswahili. Familia nyingi husikiliza Muuga FM kwa Kimeru au Wimwaro FM kwa Kiembu, na vituo vingi vya vijana huchanganya sheng na Kiingereza. Kwa hivyo Kiswahili sanifu hakimfikii mtahiniwa kwa bahati. Ni lazima akitafute kwa saa maalumu. Taarifa ya habari ya Radio Taifa ya KBC ya saa saba mchana inafaa, kwa kuwa haihitaji intaneti. Mwenye simu anaweza kupakua vipindi vya Idhaa ya Kiswahili ya Deutsche Welle mara moja mahali penye mtandao mzuri, kisha akavisikiliza baadaye bila gharama.

Usikilizaji wenyewe uwe wa dakika kumi hivi, na ufanywe mara mbili iwapo ni kipindi kilichopakuliwa. Mara ya kwanza kalamu iwekwe chini. Taarifa ikiisha, mtahiniwa aandike kwa kumbukumbu habari zote alizozisikia, kila moja kwa sentensi moja kamili. Mara ya pili asikilize akiwa na daftari, ajaze alizozisahau na kunakili maneno matatu mapya, si zaidi. Anayeandika maneno ishirini kwa siku hatayatumia hata matano.

Usikilizaji huu una faida nyingine kwa wenyeji wa eneo hili. Katika maandishi ya Kimeru na Kiembu, herufi th huwakilisha sauti ambayo Kiswahili huiandika dh. Ndiyo sababu mtahiniwa huandika "dhamani" akikusudia thamani, au "thamana" akikusudia dhamana, na kupoteza alama za tahajia. Dawa ni kuandika maneno ya aina hiyo baada ya kuyasikia kwa mtangazaji, kisha kuyathibitisha katika kamusi.

Baada ya redio huja gazeti. Toleo la siku hiyo si lazima. La wiki iliyopita kutoka kwa jirani au katika maktaba ya umma ya mjini Embu au Meru linatosha. Mtahiniwa achague habari moja na kuifupisha. Tuseme, kwa ajili ya zoezi, habari yenyewe ni hii:

"Wakulima wa majani chai katika eneo la Embu wamelalamikia kucheleweshwa kwa malipo ya bonasi, wakisema kwamba wengi wao wameshindwa kulipa karo ya watoto wao. Walisema hayo jana walipokutana na wakurugenzi wa kiwanda, ambao waliwaahidi kwamba pesa hizo zingelipwa kabla ya mwisho wa mwezi. Hata hivyo, baadhi ya wakulima walisema ahadi kama hiyo ilitolewa mwaka uliopita na haikutimizwa."

Hayo ni maneno 57. Hatua ya kwanza ni kuhesabu hoja, nazo ni nne: bonasi imechelewa, karo imewashinda, kiwanda kimeahidi, baadhi hawaamini. Hatua ya pili ni kufunika gazeti na kuandika: "Wakulima wa chai Embu wanadai bonasi iliyochelewa, karo imewashinda, na ingawa kiwanda kimeahidi kulipa mwezi huu, baadhi yao hawaiamini ahadi hiyo." Maneno ni 21 na hoja zote nne zimo. Kufunika gazeti ndiko kiini cha zoezi. Anayeandika huku akilitazama hunakili sentensi, na katika ufupisho kunakili si kujibu.

Habari hiyo hiyo yatoa pia zoezi la sarufi. Mkurugenzi alisemaje hasa? Pengine alisema, "Tutalipa pesa hizi mwezi ujao." Katika usemi wa taarifa, sentensi hiyo huwa: Mkurugenzi alisema kwamba wangelipa pesa hizo mwezi ambao ungefuata. Tutalipa imekuwa wangelipa, hizi imekuwa hizo. Swali la aina hii ni la kawaida katika karatasi ya pili, na gazeti zima limejaa mifano yake.

Kazi ya tatu ni kuandika. Siku za wiki aya moja ya maneno mia moja yatosha, akitumia angalau moja ya yale maneno matatu. Jumamosi aandike insha kamili isiyopungua maneno 400 kwa dakika 50, saa ikiwa mezani. Achague sura zinazotahiniwa, kama vile barua rasmi, hotuba, ripoti na kumbukumbu za mkutano, na asiige vichwa vya habari. Kichwa cha gazeti huacha maneno ili kuokoa nafasi. Sentensi ya insha hairuhusiwi kufanya hivyo.

Mtahiniwa atajuaje kwamba anasonga mbele? Daftari litamwambia. Kila Jumapili alinganishe idadi ya habari alizozikumbuka kabla ya kusikiliza mara ya pili na ile ya wiki iliyotangulia. Kisha atazame maneno mapya ya wiki nzima: yale asiyoweza kuyatungia sentensi hajayapata bado, na yarudiwe kabla ya kuongeza mengine. Iwapo habari anazokumbuka haziongezeki kwa wiki tatu, huenda anasikiliza huku akifanya kazi nyingine.

Insha peke yake haiwezi kujisahihisha. Hapo mtahiniwa atahitaji jicho la mtu mwingine, pengine mwalimu wa shule ya karibu atakayekubali kusoma insha moja kwa wiki mbili.