Kumbukumbu ya Sheria za Utawala: Chora Mstari Unaopanda na Kushuka

Mwaka wangu wa pili wa shahada ya kwanza nilipata sapu ya sheria za utawala. Siyo kwamba sikusoma. Nilikuwa na karatasi ukutani yenye kesi ishirini na kitu, kila moja na mwaka wake, na nilikuwa naweza kuzitaja zote nikiwa nimefumba macho. Swali likauliza kuhusu mfanyabiashara aliyefutiwa leseni bila kuulizwa chochote. Nikakumbuka kesi ya leseni, nikaiandika kwa kujiamini kabisa: *Nakkuda Ali dhidi ya Jayaratne*, 1951. Nikamshauri mteja wangu wa kwenye karatasi kwamba hana haki ya kusikilizwa, aende nyumbani.

Nilikuwa nimekosea, na mwaka nilioutaja ulikuwa sahihi. Hapo ndipo tatizo lilipo. Orodha ya miaka inakuambia kesi ilitokea lini. Haikuambii kama bado inasimama.

Leo nataka nikuonyeshe mstari niliouchora kabla ya kurudia mtihani ule. Unahusu kitu kimoja tu: haki ya mtu kusikilizwa kabla mamlaka haijaamua jambo linalomgusa. Chukua karatasi, tuchore pamoja. Mstari ukienda kulia, miaka inasogea. Ukipanda, haki ina nguvu, ukishuka, imedhoofika.

Sehemu ya kwanza: mstari unapanda

Anzia 1615, mjini Plymouth, Uingereza. James Bagg alikuwa mmoja wa wajumbe wa baraza la mji. Alikuwa na mdomo mchafu, na kati ya tuhuma zake ni kwamba alimgeuzia meya makalio. Wenzake wakamfukuza. Mahakama ikaamuru arudishwe, na moja ya sababu ni kwamba hakupewa nafasi ya kujitetea. Andika pembeni: "Bagg, kiti cha baraza." Ukishaiona ile picha ya makalio hutasahau, nakuhakikishia.

Ruka hadi 1723, Chuo Kikuu cha Cambridge. Msomi Richard Bentley alivuliwa shahada zake kwa kosa la kudharau mahakama ya chuo, bila kuitwa kujieleza. Akarudishiwa. Jaji mmoja alitoa hoja ambayo walimu wa sheria bado wanaipenda: hata Mungu alimuuliza Adamu kwanza, ndipo akamtoa bustanini.

Kisha 1863, na hii ndiyo nguzo ya upande huu. Bwana Cooper alikuwa anajenga nyumba Wandsworth, London. Sheria ya 1855 ilimtaka mjenzi aipe bodi ya ujenzi taarifa siku saba kabla ya kuanza, asipofanya hivyo bodi inaweza kubomoa. Cooper alidai taarifa alituma, ila alikiri kwamba hakungoja siku saba ziishe. Nyumba ilipofika ghorofa ya pili, bodi ikaibomoa bila kumwambia neno. Sheria yenyewe haikusema popote kwamba mjenzi asikilizwe kwanza. Mahakama ikasema hivi: pale bunge lilipokaa kimya, sheria ya mahakama itaziba pengo. Cooper akashinda. Na katika hukumu hiyo Jaji Byles aliirudia kesi ya Bentley, kwa hiyo chora mshale kutoka 1863 kurudi 1723.

Mshale huo ni muhimu kuliko tarehe. Ukisahau mwaka wa Bentley, mshale unakukumbusha kwamba ni kabla ya Cooper, na kwenye mtihani hilo linatosha kukuokoa.

Sehemu ya pili: mstari unashuka

Hapa ndipo karatasi yangu ya zamani ilipofeli. Ilikuwa inakwenda 1615, 1723, 1863, 1915, 1951, 1964, kana kwamba kila kesi ni ngazi moja juu ya mwenzake. Siyo hivyo.

Mwaka 1915, katika kesi ya Arlidge, mwenye nyumba huko Hampstead alipinga amri ya kufunga nyumba yake iliyoonekana haifai kuishi watu. Alitaka aione ripoti ya mkaguzi na azungumze ana kwa ana na anayeamua rufaa yake. Baraza la Malodi, mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati huo, likakataa: ofisi ya serikali haiwajibiki kufanya kazi kama mahakama. Mstari ushushe kidogo.

Halafu inakuja ile kesi yangu ya sapu. Nakkuda Ali alikuwa mfanyabiashara wa nguo Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka. Mdhibiti wa nguo alimfutia leseni. Rufaa ikafika Baraza la Mfalme jijini London, lililokuwa likisikiliza rufaa za makoloni, nalo likasema kufuta leseni ni kuondoa upendeleo tu, siyo kutoa hukumu, kwa hiyo mdhibiti hakufungwa na wajibu wa kusikiliza kama mahakama. Mstari uangushe mpaka chini.

Ona majaji walivyofika huko. Walianza kuuliza, "Je, ofisa huyu anafanya kazi ya kimahakama au ya kiutawala?" Akiwa wa kiutawala, haki ya kusikilizwa inayeyuka. Swali la Cooper lilikuwa jingine kabisa: "Mtu huyu anapoteza nini?" Andika maswali haya mawili juu ya mstari, moja juu ya kilima na jingine juu ya bonde. Ukiyaelewa hayo, umeshaelewa historia yote ya haki hii.

Sehemu ya tatu: mstari unarudi juu

Tarehe 7 Machi 1958, kamati ya polisi ya mji wa Brighton ilimfukuza kazi mkuu wake wa polisi, Charles Ridge. Alikuwa ameshtakiwa kwa njama na mahakama ikamwachia huru, ila jaji wa kesi ile alimsema vibaya. Kamati ikakutana na kumfukuza bila kumwita. Ridge hakuwa anaomba arudi kazini. Alitaka astaafu apate pensheni yake. Baraza la Malodi likasema kufukuzwa kule ni batili. Lodi Reid akarudi kwa Cooper na wenzake wa zamani, akaonyesha kwamba majaji wa katikati walipotoka njia, na akaikosoa Nakkuda Ali waziwazi.

Kwa hiyo mshale wa Ridge una ncha mbili. Mmoja unakwenda 1863 na alama ya kujumlisha, mwingine unakwenda 1951 na alama ya kutoa. Kama karatasi yangu ingekuwa na ile alama ya kutoa, nisingepata sapu.

Sasa angalizo la miaka. Kesi hii inaandikwa *Ridge dhidi ya Baldwin* [1964] AC 40, lakini hukumu ilitolewa Machi 1963. Mwaka ulio kwenye mabano ni wa kitabu cha ripoti. Chagua mmoja na uutumie kwa kesi zote, vinginevyo siku moja utajikuta na tukio linalotangulia sababu yake. Mimi naandika mwaka wa ripoti, maana ndio ninaouandika kwenye mtihani. Nikijua wa hukumu, nauweka chini kwa herufi ndogo.

Sehemu ya nne: mstari unafika nyumbani

Huenda unajiuliza Plymouth na Brighton zinatuhusu nini. Chora mstari wa wima kwenye 1920. Kwa amri ya mwaka huo, Tanganyika ilipokea sheria ya Uingereza kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920. Kanuni ya Cooper iko kushoto ya mstari huo, hivyo ilikuja nayo. Ridge iko kulia. Majaji wetu wanaweza kushawishiwa nayo, ila haiwafungi.

Na kulia kwa mstari huo tunayo ya kwetu. Mwaka 1961 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilitoa hukumu ya *De Souza dhidi ya Halmashauri ya Mji wa Tanga*. Humo majaji waliorodhesha kusikilizwa ni nini hasa: mtu ajue anatuhumiwa nini, apate nafasi ya kweli ya kujibu, na anayeamua awe na nia njema. Wakaongeza kwamba si lazima kikao kiendeshwe kama kesi mahakamani. Tazama mwaka: ni miaka miwili kabla ya hukumu ya Ridge.

Kisha marekebisho ya Katiba ya 1984 yakaleta ibara ya 13(6)(a): haki za mtu zinapoamuliwa na mahakama au chombo kingine chochote kinachohusika, apewe fursa ya kusikilizwa kikamilifu. Yale maneno "chombo kingine" yanamaliza ubishi wa kimahakama au kiutawala. Nguzo ya mwisho ni kesi ya Mbeya-Rukwa Autoparts, [2003] TLR 251, ambapo Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilisema haki hii si kanuni ya mahakama tu tena, ni haki ya msingi ya kikatiba.

Tuujaribu mstari

Swali: Mama mwenye bucha anapata barua ya ofisa wa manispaa. "Leseni yako imefutwa kuanzia leo kwa uchafu." Sheria ndogo iko kimya kuhusu kusikilizwa.

Weka kidole kwenye mstari, usogee. Sheria iko kimya? Cooper: pengo linazibwa. Manispaa watasema leseni ni upendeleo? Hiyo ni Nakkuda Ali, na ncha ya kutoa inatoka kwa Ridge. Watasema ofisa si hakimu? Ibara ya 13(6)(a), "chombo kingine". Mama alistahili nini hasa? De Souza: tuhuma iwe wazi, apewe nafasi ya kujibu, hata kwa maandishi. Na kama nyama ilikuwa na sumu? Hapo ofisa anaweza kuizuia kwanza ili kuokoa watu na kumsikiliza mama baadaye. Ila kufuta leseni moja kwa moja ni jambo jingine.

Mstari huu una mpaka wake. Ni wa haki ya kusikilizwa peke yake. Upendeleo wa mwamuzi una mstari wake, na uamuzi usio na akili una wake. Ukizichanganya kwenye karatasi moja, kupanda na kushuka hakutakuwa na maana yoyote. Usihangaike pia kupima sentimita kwa miaka. Mimi nilijaribu, kati ya 1723 na 1863 pakabaki peupe, halafu kesi zote za karne ya 20 zikabanana kwenye kona. Fuata mpangilio tu.

Kabla ya mtihani, geuza karatasi uchore upya bila kutazama. Ukisahau mwaka, sawa, mshale utakusaidia. Ukisahau ni wapi mstari unashuka, rudi usome tena, maana hapo ndipo mimi nilimrudisha mteja wangu nyumbani akiwa na haki yake mkononi.