Vitamini K kwa Mtoto Mchanga: Historia ya Sindano ya Paja

Mwaka 1894 Charles Townsend, daktari wa Boston nchini Marekani, alichapisha maelezo ya watoto wachanga 50 waliotokwa na damu pasipo kujeruhiwa, na katika maelezo hayo aliutenga ugonjwa wao na hemofilia, yaani ule upungufu wa kurithi unaoizuia damu kuganda na kumwandama mtu maisha yake yote. Watoto aliowaeleza Townsend kwa kawaida walianza kuvuja damu kitovuni, puani, mdomoni au chooni katika siku ya pili au ya tatu, na wale walionusurika walipona kabisa baada ya siku chache. Kupona huko kwa haraka kulidokeza kwamba damu yenyewe haikuwa na kasoro ya kudumu, bali ilipungukiwa na kitu ambacho mwili ulikuja kukipata baadaye, ingawa hakuna aliyekijua kitu hicho kwa zaidi ya miaka 30 iliyofuata.

Katika kipindi hicho tiba iliyosaidia ilikuwa damu ya mtu mwingine. Mwaka 1908 mjini New York, mpasuaji Alexis Carrel aliuunganisha mshipa wa mkono wa baba na mshipa wa mguu wa binti yake mwenye umri wa siku chache, aliyekuwa akivuja damu hadi kukaribia kufa, na damu ya baba ilipoingia mwilini mwa mtoto, uvujaji ulikoma. Tiba hiyo ilifaulu kwa sababu damu ya mtu mzima ilibeba vigandishi ambavyo mtoto hakuwa navyo, lakini ilihitaji mikono ya wapasuaji wachache mno duniani, na kwa hiyo haikuweza kuwa kinga ya watoto wote.

Jibu lilitoka kwa vifaranga. Kuanzia mwaka 1929 mjini Copenhagen, mwanakemia Henrik Dam aliwalisha vifaranga chakula kilichoondolewa mafuta, kwa nia ya kuchunguza kolesteroli, akaona kwamba damu ilivilia chini ya ngozi na katika misuli yao, na ikichukuliwa ilichelewa kuganda. Kuongeza kolesteroli au vitamini zilizokuwa zikijulikana hakukusaidia, na mwaka 1935 Dam akatangaza kwamba iko vitamini mpya inayoyeyuka katika mafuta, akaiita K kwa herufi ya kwanza ya neno la Kidenmaki na Kijerumani lenye maana ya kuganda. Edward Doisy wa Chuo Kikuu cha Saint Louis aliitenga na kueleza umbo lake mwaka 1939, na wawili hao wakapewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1943.

Namna vitamini hiyo inavyofanya kazi ilibainika baadaye sana, mwaka 1974. Ini hutengeneza protini nne za kugandisha damu, zinazojulikana kwa namba 2, 7, 9 na 10, na huzitengeneza hata vitamini K inapokosekana, ila zinatoka zikiwa hazijakamilika. Kazi ya vitamini ni kusaidia kuzipachika protini hizo sehemu ndogo za kikemikali zinazoshika madini ya kalsiamu, na ni kwa kupitia kalsiamu hiyo protini hunasa mahali penye jeraha na kuanzisha kuganda. Protini iliyokosa sehemu hizo huzunguka katika damu kama nanga iliyokatika makombe: ipo, lakini haishiki kitu.

Mtoto mchanga huzaliwa na akiba ndogo sana ya vitamini hii, kwa sababu kondo la nyuma huipitisha kidogo mno, hata mama akiwa mzima na mwenye kula mboga za majani. Maziwa ya mama nayo, pamoja na ubora wake wote, huwa na mikrogramu chache tu kwa lita, wakati maziwa ya kopo huongezewa kiwandani. Ndiyo maana ugonjwa huu huwapata zaidi watoto wanaonyonya tu. Hilo si hoja ya kuacha kunyonyesha, kwani upungufu huo huzibwa na dozi moja. Hatari huongezeka ikiwa mama alitumia dawa za kifafa kama fenitoini, au dawa za kifua kikuu kama rifampisini, ambazo zinaweza kumfanya mtoto avuje damu ndani ya saa 24 za kwanza.

Kinga yenyewe haikufika ilipo bila makosa. Katika miaka ya 1940 na 1950 ilitumika vitamini ya kutengenezwa iitwayo menadioni, na madaktari wengine waliitoa kwa dozi kubwa, hadi ilipoonekana kwamba ilipasua chembe nyekundu za damu na kuwasababishia watoto, hasa njiti, umanjano mkali unaodhuru ubongo. Nafasi yake ilichukuliwa na fitomenadioni, yaani vitamini K ya asili ya mimea, na mwaka 1961 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kikapendekeza nusu miligramu hadi miligramu moja kwa sindano ya msuli.

Mwaka 1992 Jean Golding na wenzake wa Bristol, Uingereza, walichapisha utafiti uliohusisha sindano hiyo na saratani za utotoni. Uchunguzi mkubwa uliofuata, ukiwemo wa Sweden uliohusu watoto zaidi ya milioni moja, haukuuthibitisha uhusiano huo, lakini nchi kadhaa za Ulaya zilikuwa zimekwisha kuhamia kwenye matone ya mdomoni. Hapo ndipo umuhimu wa njia ya kutolea dawa ulipodhihirika. Matone machache ya mwanzoni huzuia uvujaji wa wiki ya kwanza, ila huacha mwanya kwa ule wa kuchelewa, unaotokea kati ya wiki ya pili na mwezi wa sita. Vitamini inayoyeyuka katika mafuta huhitaji nyongo ili ifyonzwe tumboni, kwa hiyo mtoto ambaye mirija yake ya nyongo imeziba, na pengine hakuna aliyekwisha kugundua, humeza matone yasiyomfaa. Sindano haipiti tumboni. Hukaa msulini kama hazina inayotoka kidogo kidogo kwa wiki nyingi.

Uvujaji wa kuchelewa ndio unaotisha kuliko wote, kwa kuwa mara nyingi huwa ndani ya fuvu. Mwaka 2013 mjini Nashville, Marekani, walithibitishwa watoto wanne wa namna hiyo, wenye umri wa wiki 6 hadi 15, na watatu kati yao walivuja damu ubongoni. Wote hawakuwa wamepewa vitamini K kwa sababu wazazi walikataa, na miongoni mwa sababu walizotaja ni hofu ya saratani, zaidi ya miaka 20 baada ya utafiti wa Bristol.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza miligramu moja ya sindano ya msuli kwa kila mtoto, baada ya saa ya kwanza ya kukaa kifuani kwa mama. Mzazi aliyejifungulia nyumbani, au asiye na hakika kama mtoto wake alichomwa, na aulize kliniki mapema. Akiona damu puani au kitovuni, ngozi iliyovilia damu bila kuanguka, choo cheusi, kutapika kusikokoma au utosi uliovimba, ampeleke mtoto hospitali siku hiyo hiyo, na ataje waziwazi kwamba hakupewa vitamini K.