Lugha ya barua ya maombi ya kazi: kujibu tangazo lililoandikwa kwa lugha nyingine

Mwombaji wa kazi nchini Tanzania hukutana na matangazo ya Kiswahili na ya Kiingereza, mara nyingine kutoka kwa mwajiri yuleyule. Swali la lugha ya kujibia huamuliwa kwanza na masharti ya tangazo lenyewe. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, yawe ya Kiswahili au ya Kiingereza, kwa kawaida huwa na sharti kwamba barua iliyosainiwa iandikwe kwa mojawapo ya lugha hizo mbili. Anayeomba nafasi katika Halmashauri ya Wilaya ya Butiama au ya Mji wa Bunda kupitia njia hiyo ana hiari kamili, na hiari hiyo itumike kuchagua lugha ambayo mwombaji anaweza kuiandika bila kunakili barua ya mtu mwingine.

Tangazo lisipotaja lugha, ifuatwe lugha ya tangazo. Sifa zinazodaiwa nazo zisomwe kwa makini. Hoteli ya kitalii iliyo upande wa Bunda, karibu na Hifadhi ya Serengeti, ikitangaza kwa Kiingereza nafasi ya mhudumu wa mapokezi na kudai ufasaha wa lugha hiyo, barua yenyewe ni sehemu ya usaili. Kuijibu kwa Kiswahili ni kuukwepa. Nafasi ya mlinzi katika tangazo hilohilo haina mtego huo, ila wasomaji wa barua ni walewale.

Kosa lililo zito zaidi hutokea lugha inapobadilishwa lakini mwenendo wa barua ukabaki wa lugha ya kwanza. Chukua mfano wa mhitimu wa Musoma aliyesoma chuo kwa Kiingereza na mwenye barua ya Kiingereza tayari. Halmashauri inatangaza kwa Kiswahili nafasi ya Mtendaji wa Kijiji Daraja la III, naye anaitafsiri barua yake neno kwa neno:

“Mpendwa Bwana au Bibi, naandika kuonyesha maslahi yangu katika nafasi ya Ofisa Mkuu wa Kijiji. Natazama mbele kusikia kutoka kwako.”

Sarufi haina dosari kubwa, lakini barua imeharibika mahali pengi. “Mpendwa” ni neno la jamaa, la mchumba au la waumini wenzako. Halimfai Mkurugenzi Mtendaji. “Maslahi”, katika lugha ya ajira, ni mshahara na stahili zake, hivyo msomaji anaelewa kwamba mwombaji ameanza kudai malipo kabla ya kuitwa kwenye usaili. Cheo nacho kimebuniwa upya: muundo wa utumishi una jina moja tu la Kiswahili kwa kazi hiyo, na daraja ni sehemu ya jina. Sentensi ya mwisho haina maana katika Kiswahili.

Barua hiyo ikiandikwa kwa desturi ya Kiswahili, baada ya anwani na tarehe hufuata kichwa cha habari, kisha maelezo:

“YAH: OMBI LA KAZI YA MTENDAJI WA KIJIJI DARAJA LA III

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Naomba kuajiriwa katika nafasi iliyotajwa, kama ilivyotangazwa na ofisi yako. Nitashukuru endapo ombi langu litakubaliwa.

Wako mtiifu,”

Kitenzi “naomba” hakimdhalilishi mwandishi. Kiswahili hakina kiwakilishi cha pekee cha heshima kwa mtu mmoja, kwa hiyo adabu hubebwa na vitu vingine: “ofisi yako” badala ya “wewe”, na “naomba nipatiwe” badala ya “nipatie”. Aidha, “Mheshimiwa” huwekwa kwa wabunge, madiwani, mawaziri na mahakimu. Mkurugenzi huitwa “Ndugu”, au hutajwa kwa cheo tu.

Kinyume chake, anayejibu tangazo la Kiingereza asiubebe huo utiifu wote. Barua ya Kiingereza ya leo, hasa kwa kampuni binafsi, hutarajiwa kusema mapema mwombaji ameshafanya nini na wapi. Aya nzima ya unyenyekevu huonekana kama kukosa la kusema. Jina la kazi libaki vilevile kama lilivyochapishwa kwenye tangazo.

Kwenye WhatsApp, mwajiri aliyetangaza kwa Kiingereza akianza mazungumzo kwa Kiswahili, ajibiwe kwa Kiswahili, huku barua iliyoambatishwa ikibaki katika lugha ya tangazo. “Habari za kazi” inatosha. “Shikamoo” hukisia umri wa mtu asiyeonekana, na ofisa wa miaka 25 anaweza kushindwa kuiitikia.